Fundi wa Picha na Neno «Boresha»

Picha ya mtu inapomfikia fundi ikiwa na neno moja tu, «boresha», kazi tatu tofauti huwa zimejificha ndani ya ombi hilo. Ya kwanza ni uhariri, yaani kurekebisha mwanga, rangi na ukingo wa picha iliyokwisha kupigwa. Ya pili ni uhakiki, yaani kumweleza mpigaji ni kitu gani kilikwenda vizuri au vibaya pale aliposimama na kamera. Ya tatu ni kuandika maelezo, yaani yale maneno machache yawekwayo chini ya picha ili anayeitazama ajue anamwona nani, wapi na lini. Ufundi unaostahili sifa hapa ni ule wa kuisoma picha hadi ijulikane upungufu wake unakaa wapi, kwa kuwa uhariri hutibu kilichonaswa ndani ya faili, uhakiki hutibu picha itakayopigwa kesho, na maelezo hutibu kile ambacho hakuna kamera inayoweza kukinasa.

Komine ya Ibanda, mojawapo ya sehemu za kiutawala za jiji la Bukavu, inatoa mfano mzuri wa jambo hili, kwa sababu sehemu yake imekaa juu ya rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu, na watu wengi hupenda kupigwa picha maji yakiwa nyuma yao. Ichukuliwe picha ya kijana aliyehitimu chuo, amevaa joho jeusi na shati jeupe, amesimama kwenye kivuli cha mti katika eneo la Muhumba lililomo humo Ibanda, pamoja na bibi yake, nyuma yao ziwa likimetameta chini ya anga la alasiri. Simu hupima mwanga wa eneo lote inaloliona na kutafuta wastani, na kwa kuwa anga na maji ni sehemu kubwa ya eneo hilo na vinang'aa kuliko nyuso zilizo kivulini, simu hupunguza mwangaza kwa ajili ya ziwa, ikaziacha nyuso mbili zikiwa giza. Ziwa linatoka vizuri, huku watu ambao picha ilipigwa kwa ajili yao wakififia.

Upungufu wa namna hiyo ni wa uhariri, lakini fundi mzuri hujiuliza kwanza kama faili lina kitu cha kuokolewa. Katika picha ya kawaida ya simu, kila moja ya rangi tatu za msingi huhifadhiwa kwa ngazi 256, kuanzia sifuri, ambayo ni weusi mtupu, hadi 255, ambayo ni upeo wa mwanga. Sehemu ya anga iliyofika upeo huo imepotea, na hata ikitiwa giza itageuka kuwa kijivu kisicho na wingu lolote. Nyuso zilizo kivulini mara nyingi bado zina habari, ila zimebanwa katika ngazi chache za chini, hivyo zikiinuliwa kidogo hufunguka vizuri, na zikiinuliwa kupita kiasi hutoa chembechembe za rangi zisizokuwepo. Kwa sababu hiyo hatua hufuatana kwa utaratibu: picha hunyooshwa ili mstari wa maji usiinamie upande mmoja, vivuli huinuliwa na mwanga wa anga kushushwa kidogo, kisha rangi husawazishwa kwa kuliangalia shati jeupe, kwa kuwa mtu aliye kivulini huangaziwa na anga la buluu na ngozi yake hutoka ikiwa na ubaridi usio wake. Baada ya hapo nyuso hushughulikiwa peke yake, kwa mfano kwa zana ya Selective iliyomo katika programu ya Snapseed, ambayo huongeza mwanga kuzunguka nukta moja bila kuligusa joho. Na ukali wa mistari huongezwa mwisho kabisa, kwa maana ukiongezwa mapema hukuza hata chembechembe.

Dalili za kuzidisha huonekana kwa mtu anayejua pa kutazama. Utepe wa mwanga ukitokea pale nywele zinapokutana na anga, mikunjo ya joho ikijaa nukta nyekundu na kijani, au mashavu yakiwa laini kama plastiki bila kinyweleo kimoja, fundi amevuka mpaka. Mpaka ulio mzito kuliko yote ni wa ngozi. Kuuondoa uso gizani ni kurudisha mwanga ambao simu iliunyima, lakini kuufanya uwe mweupe kuliko ulivyo ni kumbadilisha mtu. Kipimo chake ni rahisi: katika mfano huu mikono ya bibi na uso wake lazima vibaki vya mwili mmoja, na makunyanzi yake yabaki, kwa sababu wajukuu watamtambua kwayo.

Yapo makosa ambayo hayana dawa katika programu yoyote, na hapo ndipo uhakiki unapopata nafasi yake. Ikiwa kijana alijipiga mwenyewe kwa kuunyoosha mkono, umbali mdogo kati ya kamera na uso unaikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma, na kuikata picha hakuwezi kubadili uhusiano huo, kwa kuwa umeamuliwa na mahali kamera ilipokuwa. Ushauri unaofaa ni mfupi na unatendeka: simu ishikwe na mtu mwingine aliye umbali wa kiasi cha mita mbili, awageuze watu wake hadi anga liziangazie nyuso, kisha aguse uso kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo. Uhakiki huu, hata hivyo, humfaa aliyeshika kamera. Mtu aliyetuma uso wake mwenyewe akaorodheshewa kasoro huona kwamba amehukumiwa yeye, wala hawezi kuurekebisha wakati uliokwisha kupita.

Njia iliyotumika kutuma picha nayo ina neno la kusema. Ikitumwa kwa WhatsApp kwa namna ya kawaida, picha hupunguzwa, mara nyingi hadi pikseli zipatazo 1600 kwa upande mrefu, pikseli zikiwa ni vile vitone vinavyoijenga picha. Kiasi hicho kinatosha kuchapa karatasi ya sentimita 10 kwa 15, lakini uso wenye upana wa pikseli 200 ukikatwa peke yake na kuchapwa kwa ubora wa vitone 300 kwa inchi, utapata upana wa sentimita 1.7 tu. Kwa hiyo anayetaka kuuning'iniza uso wa bibi ukutani aombwe atume faili la asili kama Document. Utumaji wa kawaida huondoa pia kumbukumbu za siku na mahali zilizofichwa ndani ya faili, nazo ndizo ambazo maelezo ya picha huja kuzirejesha.

Maelezo mazuri hayasimulii kinachoonekana. Kuandika kwamba watu wawili wanatabasamu kando ya ziwa ni kumwambia mtazamaji anachokiona tayari, ilhali jina la bibi, jina la mjukuu, masomo aliyoyamaliza, Muhumba na mwaka ni mambo ambayo hayamo katika pikseli hata moja. Fundi hayabuni, huyauliza, akahakikisha tahajia ya majina na aliyesimama kushoto ni nani.

Kutokana na hayo, uamuzi hufuata mpangilio ulio wazi. Aliyemo katika picha hufanyiwa uhariri mwepesi kwanza, kwa sababu unaweza kutenguliwa na humpa kitu cha kukubali au kukataa. Aliyeipiga huulizwa kama angependa kuambiwa namna ya kupiga inayofuata. Na anayetaka kuichapisha au kuihifadhi huombwa majina. Pale ambapo haijulikani aliyetuma ni yupi kati ya hao, fundi hurudisha picha iliyorekebishwa kidogo, ya asili ikiwa imehifadhiwa, pamoja na swali moja tu: picha hii ni ya kumpa nani? Jibu la swali hilo huamua ukubwa wa karatasi, kiasi cha mwanga na maneno ya chini yake.