Barua ya Madai ya Shehena Iliyopotea Kitonga: Chanzo cha Hasara na Hesabu Yake

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Iringa na Mbeya, baada ya kupita Ruaha Mbuyuni na Mahenge, hupanda Mlima Kitonga wilayani Kilolo kwa kona kali zinazofuatana kabla ya kufika Ilula, na ni katika kupanda huko ambapo lori lenye mzigo mzito hukatika nguvu, hurudi nyuma na kupinduka. Mzigo unaopotea mahali kama hapo mara nyingi huwa na hatima tatu kwa pamoja, kwa kuwa sehemu yake huharibika kwa ajali yenyewe, sehemu nyingine huchukuliwa na watu wanaofika kabla ya ulinzi kuwekwa, na sehemu iliyobaki huokolewa na kufika sokoni. Barua ya madai inayozichanganya hatima hizo tatu katika jumla moja huipa kampuni ya bima sababu ya kulipa kiasi kidogo au kuchelewesha malipo, ilhali barua inayozitenganisha humfanya mtathmini wa hasara, yaani mtaalamu anayetumwa na kampuni kupima ukweli na ukubwa wa madai, azihakiki hesabu badala ya kuzitafuta.

Uchambuzi huu unatumia mfano uliotungwa kwa ajili ya hesabu. Mfanyabiashara wa jumla wa Iringa mjini amenunua Dar es Salaam madumu 500 ya mafuta ya kula, kila dumu la lita 20 kwa shilingi 100,000, hivyo ankara yake ni shilingi 50,000,000, na nauli ya lori ni shilingi 1,000,000. Lori limepinduka Kitonga, ambapo madumu 180 yamepasuka au kuvuja, 110 hayajulikani yalipo baada ya watu kuyabeba, na 210 yamehamishiwa lori jingine na kupokelewa Iringa yakiwa mazima. Jumla ya makundi hayo matatu ni 500, na kulingana huko na idadi iliyopakiwa ndilo jambo la kwanza ambalo mtathmini hulikagua.

Kabla ya kuandika neno lolote, mwandishi wa barua huusoma mkataba wa bima ili ajue ni hatari zipi zilizokingwa. Baadhi ya kampuni hutumia maandishi yao wenyewe ya bima ya mizigo safarini, lakini mikataba mingi ya shehena duniani imejengwa juu ya masharti ya London ya mwaka 1982, yaliyorekebishwa mwaka 2009, ambayo yamegawanyika katika matoleo ya A, B na C. Toleo la A hukinga hatari zote isipokuwa zile zilizotajwa kuwa zimetengwa, ilhali B na C hukinga tu hatari zilizoorodheshwa kwa majina. Kupinduka kwa chombo cha nchi kavu kumo katika orodha za B na C, lakini wizi haumo, na ndiyo sababu wafanyabiashara wengi huongezewa kifungu cha wizi, udokozi na mzigo kutofika kwa kulipa ada ya ziada.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua uzito wa madumu 110 yaliyobebwa. Kama mkataba ni wa toleo la A, au una kifungu cha wizi, mwenye mzigo anahitaji tu kuthibitisha kwamba mzigo ulikuwapo na haupo tena. Kama mkataba ni wa toleo la B au C pekee, suala linageukia kanuni ya chanzo cha karibu, maana yake chanzo chenye nguvu kilichosababisha hasara, ambacho si lazima kiwe kile cha mwisho kwa wakati. Mwenye mzigo hujenga hoja kwamba watu walibeba madumu kwa sababu lori lilikuwa limelala barabarani na mzigo umetawanyika, kwa hiyo kupinduka ndicho chanzo, na kampuni nayo hujibu kwamba wizi ni tendo jipya la watu wengine lililoukata mnyororo wa ajali. Barua nzuri haimalizi ubishi huo kwa maneno makali, bali huweka mfuatano wa saa, kwa kueleza lori lilipinduka lini, polisi walifika lini, mlinzi aliwekwa lini na idadi ilihesabiwa lini, kwa sababu hoja ya mwenye mzigo ina nguvu zaidi pale madumu yanapoonekana kupotea katika saa za mwanzo za ajali, na hudhoofika pale yanapopotea siku ya pili yakiwa yameachwa bila mlinzi.

Kuna pia hatari zilizotengwa katika matoleo yote matatu, na kwa mzigo wa mafuta iliyo kubwa ni uvujaji wa kawaida, yaani upungufu mdogo unaotarajiwa katika safari yoyote ya bidhaa za majimaji, pamoja na ufungaji usiofaa. Kwa sababu hiyo barua husema wazi kwamba madumu 180 yalipasuka kwa kugonga ardhi na kugandamizwa, na huambatisha picha zinazoonyesha mipasuko ubavuni, kwani dumu linalovuja kwenye kifuniko humpa mtathmini nafasi ya kuuliza kama lilifungwa vizuri kiwandani.

Hesabu yenyewe huanzia kwenye thamani iliyokatiwa bima. Desturi ya bima ya shehena ni kuchukua bei ya ankara, kuongeza nauli, kisha kuongeza asilimia 10 kufidia gharama nyingine na faida inayotarajiwa, na kwa mfano huu shilingi 51,000,000 huwa shilingi 56,100,000, sawa na shilingi 112,200 kwa kila dumu. Madumu 180 na 110 yakijumlishwa huwa 290, ambayo thamani yake ni shilingi 32,538,000. Mafuta yaliyosalia katika madumu yaliyopasuka yameuzwa kwa kiwanda cha sabuni kwa shilingi 5,400,000, na fedha hizo hutolewa kwenye madai kwa kuwa bima hurejesha hasara na haimpi mtu faida, hivyo hubaki shilingi 27,138,000. Gharama za kukodi lori la pili, vibarua na mlinzi, ambazo ni shilingi 800,000, huongezwa, kwa sababu masharti humtaka mwenye mzigo achukue hatua za busara za kupunguza hasara na kampuni humrudishia alichotumia katika hatua hizo. Mwishoni hutolewa kiasi ambacho mkataba unamtaka mwenye bima akibebe mwenyewe katika kila tukio, na kikiwa shilingi 1,000,000, dai halisi ni shilingi 26,938,000.

Iwapo wizi haukukingwa na hoja ya chanzo cha karibu ikashindwa, madumu 110 yenye thamani ya shilingi 12,342,000 huondoka na dai hushuka hadi shilingi 14,596,000. Kwa kuwa barua imeyaweka madumu hayo katika mstari wake peke yake, kampuni inaweza kulipa sehemu isiyobishaniwa wakati sehemu nyingine ikiendelea kujadiliwa. Hali ni tofauti iwapo mfanyabiashara, ili kupunguza ada, alikata bima ya shilingi 28,050,000 tu, ambayo ni nusu ya thamani ya mzigo, kwani hapo kanuni ya uwiano humhesabu kuwa amejikatia bima mwenyewe kwa nusu iliyobaki, naye hulipwa nusu ya hasara hata kama hasara hiyo haikufikia kiasi alichokata.

Muundo wa barua hufuata mantiki hiyo. Kichwa chake hutaja namba ya mkataba, namba ya usajili wa gari, tarehe na mahali pa ajali, kisha aya ya kwanza hueleza tukio kwa sentensi chache zisizo na lawama, ya pili huweka makundi matatu ya madumu, ya tatu huweka hesabu, na ya nne huorodhesha viambatisho. Aya ya hesabu katika mfano huu yaweza kuandikwa hivi:

"Tunadai shilingi 26,938,000, zinazotokana na madumu 180 yaliyoharibika (Sh 20,196,000, Kiambatisho 3 na 6) na madumu 110 yaliyopotea (Sh 12,342,000, Kiambatisho 2, 4 na 5), baada ya kutoa mauzo ya mabaki Sh 5,400,000 (Kiambatisho 7), kuongeza gharama za uokoaji Sh 800,000 (Kiambatisho 8), na kutoa Sh 1,000,000 kwa mujibu wa mkataba. Ankara ya ununuzi na risiti ya nauli, ambazo ni msingi wa thamani ya kila dumu, ni Kiambatisho 1."

Kila kiasi katika aya hiyo kimefungwa na karatasi yake. Kiambatisho 2 ni hati ya kupakia iliyosainiwa na dereva, ambayo ndiyo inayothibitisha kwamba madumu 500 yaliingia garini. Cha 3 ni picha za eneo, cha 4 ni ripoti ya polisi, na cha 5 ni hati ya kupokelea mzigo Iringa yenye idadi ya 210. Cha 6 ni ripoti ya mtathmini au ya ukaguzi wa madumu yaliyopasuka, cha 7 ni risiti ya mashine ya EFD ya mauzo ya mabaki, na cha 8 ni risiti za lori la pili, vibarua na mlinzi. Karatasi inayoharibika mara nyingi kuliko zote ni ile ya kupokelea, kwa sababu mtunza ghala husaini kwamba amepokea mzigo salama bila kuandika upungufu, na saini hiyo huweza kutumiwa baadaye na msafirishaji kukana kwamba kuna kilichopotea mikononi mwake.

Hati inayokamilisha kundi hilo haielekezwi kwa kampuni ya bima bali kwa msafirishaji, nayo ni barua fupi ya kumtangazia kwamba anahesabiwa kuwajibika kwa hasara. Maelekezo ya kawaida yanayoambatana na vyeti vya bima ya shehena hutaka ipelekwe ndani ya siku tatu baada ya kupokea mzigo pale upungufu usipoonekana mara moja, na sababu yake ni kwamba kampuni ya bima, ikishalipa, hurithi haki ya mwenye mzigo ya kumdai aliyesababisha hasara. Mwenye mzigo anayemsamehe msafirishaji kwa maneno au kwa saini huwa ameiharibu haki hiyo, na kampuni yaweza kupunguza malipo yake kwa sababu hiyo.

Dai likikubaliwa, kampuni huleta hati ya kukiri malipo, ambayo mara nyingi husema kwamba kiasi kilichoandikwa ni malipo kamili na ya mwisho. Iwapo kilicholetwa ni zile shilingi 14,596,000 zisizobishaniwa, hati hiyo haipaswi kusainiwa kabla ya kubadilishwa isomeke kwamba ni malipo ya sehemu na kwamba madai ya madumu 110 yanabaki wazi, kwa maana bila marekebisho hayo mwenye bima huwa hana tena cha kupeleka mbele ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kusikiliza mabishano ya namna hiyo.