Nyika ya Prax

Greg Stafford alianza kuandika habari za ulimwengu wa kubuni wa Glorantha mwaka 1966, kabla michezo ya kuigiza wahusika mezani haijakuwepo. Mchezo wa RuneQuest, ulioutumia ulimwengu huo, ulitoka mwaka 1978. Katika yote aliyoyajenga, navutiwa zaidi na Prax, nyika kame ya wafugaji wanaohamahama.

Kwenye ramani Prax ni ardhi kavu tu. Lakini ukavu huo una chanzo. Zamani palikuwa bustani ya mungu Genert, na Genert aliuawa katika vita dhidi ya Machafuko. Katikati ya nyika kuna jiwe kubwa ajabu liitwalo Kipande. Mungu Fahali wa Dhoruba alipokaribia kushindwa na Ibilisi wa Machafuko, jiwe hilo lilishuka likamgandamiza Ibilisi, na hadi leo kinamasi kilicho pembeni yake kina sumu.

Nchi ikiwa imekufa, watu wangekula nini? Waha, mwana wa Fahali huyo na Eiritha, mama wa wanyama, aliwapigisha watu na wanyama kura: atakayeshinda atakula nyama, atakayeshindwa atakula majani. Kila kabila lilipiga kura na mnyama wake. Ndiyo maana wapo wapanda baisoni, wapanda palahala, na watu wafupi wanaopanda swala pala. Kwa Wamorokanth, viumbe wenye sura ya tapiri, matokeo yalikuwa kinyume: wao walishinda, na wanachunga watu wasio na akili. Makabila mengine yanadai walifanya hila.

Ustadi uko hapo kwenye kura. Tukio moja limeamua chakula, vita, ndoa na chuki za watu, na bila ule ukame lisingekuwa na maana. Watunzi wengi huchora mito na milima kwanza, kisha huweka miungu kumi na miwili, kila mmoja na silaha yake. Kasoro hiyo hujulikana upesi: futa mungu mmoja, na hakuna kijiji kinachobadilika. Mfute Waha, na Prax haina watu.

Hadithi hizi zinamfikia mchezaji kupitia kanuni, maana uchawi mwingi anaupata katika ibada aliyojiunga nayo. Mfuasi wa Fahali wa Dhoruba hunusa Machafuko, basi hawezi kupita karibu nayo na kunyamaza.

Hatari ya kazi nzito namna hii ni kumlemea mgeni. Kitabu cha Cults of Prax cha mwaka 1979 kiliikwepa kwa njia ninayoipenda sana: mfanyabiashara Biturian Varosh anasafiri nyikani, na kila ibada tunaijua kwa namna ilivyogusa safari yake. Anafanya biashara, anaogopa, anajadiliana bei. Mwendesha mchezo anaweza kuanza vivyo hivyo: awapeleke wachezaji, wapanda palahala, kwenye kambi ya Wamorokanth wakiwa na njaa, kisha wenyeji wawakaribishe kula nyama.