Namba Tasa na Sharti Lililofichika katika Masimulizi

Hoja ya Euklidi kwamba namba tasa hazina mwisho, iliyomo katika kitabu cha 9 cha Misingi yake, mara nyingi husimuliwa hivi: chukua namba tasa zote uzijuazo, uzizidishe, kisha uongeze 1, namba hiyo mpya haigawanyiki kwa yoyote kati ya zile, kwa hiyo ni tasa. Masimulizi haya ni mepesi kusikiliza, lakini hatua yake ya mwisho si kweli. 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 + 1 ni 30,031, nayo ni 59 × 509. Euklidi hakusema hivyo. Alisema kwamba namba hiyo ama ni tasa, ama yagawanyika kwa namba tasa. Na kwa hili la pili aliegemea hoja ya 31 ya kitabu cha 7. Wasimulizi ndio walioliangusha egemeo hilo njiani.

Mwandishi anayeipanga upya hoja hii kwa fasili, lema (yaani hoja ndogo inayothibitishwa kwanza ili iitumikie kubwa) na uthibitisho, hawezi kuliangusha:

Fasili. Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Lema 1. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 ina kigawo kilicho tasa.
Uthibitisho. Kati ya vigawo vyake vinavyozidi 1, chukua kilicho kidogo kuliko vyote. Kama si tasa, kwa Fasili kina kigawo kidogo zaidi kinachozidi 1, ambacho ni kigawo cha namba ya awali pia. Hilo haliwezekani.

Lema 2. Namba igawanyayo namba mbili zinazofuatana ni 1 tu.
Uthibitisho. Hugawanya pia tofauti yao, ambayo ni 1.

Kanuni. Orodha yoyote ya namba tasa yenye kikomo huacha nje angalau namba tasa moja.
Uthibitisho. Zao la orodha liwe P. Kwa Lema 1, P + 1 ina kigawo tasa q. Kama q imo katika orodha, yagawanya P pia. Basi kwa Lema 2, q ni 1, kinyume cha Fasili.

Sasa yatazamwe maneno "kubwa kuliko 1". Fasili izoeleka­yo darasani, "namba igawanyikayo kwa 1 na kwa yenyewe tu", humwingiza 1 mlangoni. Na akiingia, sentensi ya mwisho ya uthibitisho haina tena cha kupinga. Euklidi hakuhitaji sharti hilo, kwani kwake namba ni wingi wa mamoja, na moja lenyewe si namba. Katika Kiswahili moja ni namba. Mfasiri atakayeyafuata maneno ya Euklidi neno kwa neno atakuwa ameivunja hoja yake, na katika masimulizi hakuna atakayeng'amua.