Shilingi Elfu Thelathini

Katika makaratasi yote yanayopita mikononi mwa mtunza hesabu, ninaloliheshimu zaidi ni lile analomwandikia mwenye duka pale vitabu vilipokataa kulingana. Leja anaweza kuijaza yeyote aliyefundishwa. Karatasi hili linataka mtu aliyeufuata mkanganyiko hadi kwenye mzizi wake, akaurekebisha, kisha akaueleza kwa lugha ambayo mama aliyeshinda dukani tangu asubuhi ataielewa bila kumwita mtu amfafanulie.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Mwisho wa mwezi masalio ya akaunti zote yamekusanywa kwenye urari. Upande wa kushoto, yaani debiti, unasoma shilingi 38,640,000, na upande wa kulia, krediti, 38,610,000. Kwa kuwa kila muamala huandikwa mara mbili, kushoto katika akaunti moja na kulia katika nyingine, pande hizo zilipaswa kuwa sawa. Utaratibu huo si wa jana. Mtawa Luka Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venisi mwaka 1494, na hadi leo duka la Morogoro linaufuata.

Tofauti ni 30,000. Katika duka lenye hesabu za mamilioni, kiasi hicho kinashawishi. Mtu mvivu ataiita gharama ndogondogo na kufunga kitabu, na mwenye duka huenda asiulize kamwe. Ila 30,000 huenda si kosa lenyewe. Huenda ni mabaki ya makosa, baada ya moja kula sehemu ya jingine, na makosa yenyewe yanaweza kuwa makubwa mara nyingi zaidi.

Mtunza hesabu huanza na majaribio mawili ya zamani. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda tarakimu zimepinduliwa, mfano 54 ikaandikwa 45. Nusu ya tofauti ikipatikana mahali fulani kama kiasi kamili, huenda kiasi hicho kimewekwa upande usio wake. Elfu 30 haigawanyiki kwa 9, na nusu yake, 15,000, haionekani popote kwenye vitabu vya mwezi huo. Majaribio yote mawili yamekaa kimya, na kimya hicho nacho ni habari: kuna kosa zaidi ya moja, au kuna kosa la namna nyingine.

Hapo hakuna njia ya mkato. Anakaa na daftari la mauzo ya mkopo, anajumlisha mauzo ya mwezi, kisha anajumlisha yaliyoingizwa katika akaunti za wateja. Akaunti za wateja zimepungua kwa 90,000, na kiasi hicho kinagawanyika kwa 9. Sasa anajua anatafuta nini. Anakuta fundi mmoja alichukua mabati na misumari ya 540,000. Ankara inasema hivyo, na sahihi ya fundi ipo kwenye hati ya kupokelea mzigo. Lakini katika akaunti yake imeandikwa 450,000.

Anaongeza 90,000 kwenye deni la fundi, na hapo ndipo mwanafunzi angekata tamaa. Deni la mteja hukaa kushoto, na upande wa kushoto ndio uliokuwa mkubwa tangu mwanzo. Baada ya marekebisho ya haki kabisa, tofauti inapanda kutoka 30,000 hadi 120,000. Asiyejiamini angefuta alichofanya. Anayeijua kazi anaamini ankara kuliko jumla, anaacha marekebisho yasimame na kuitazama tofauti mpya kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Nusu ya 120,000 ni 60,000, na kiasi hicho kipo. Msambazaji wa saruji alikuwa akidai 1,260,000. Duka lilimlipa mapema kupitia benki, naye akapokea 1,200,000 na kusamehe 60,000. Punguzo tulilopewa ni pato na hukaa kulia. Duka lina ukurasa mmoja tu wa punguzo, unaotumika pia kwa punguzo ambalo duka huwapa wateja wake, nalo hukaa kushoto. Aliyeandika alifuata mazoea ya mkono, akaiweka 60,000 kushoto. Kiasi kilichopotea njia hivyo huhesabika mara mbili: kimeongeza pasipostahili, na kimepungua kilipostahili kuwapo.

Namna ya kurekebisha nayo ina adabu yake. Hakuna kufuta wala kupaka wino mweupe. Anafungua akaunti ya muda, anaweka ndani yake ile 30,000 upande wa kulia ili urari usimame, kisha kila kosa lililothibitishwa analipitisha humo. Anaandika 90,000 kushoto kwa fundi na kulia katika akaunti ya muda, ambayo sasa ina 120,000 upande wa kulia. Halafu anaandika 120,000 kushoto katika akaunti hiyo na kulia katika punguzo: 60,000 ya kufuta kosa na 60,000 ya kuweka ukweli. Akaunti ya muda inabaki sifuri. Kila badiliko lina tarehe, ukurasa na sababu, na kosa la awali bado linasomeka.

Akiwa bado kwenye vocha, anakuta jambo la tatu ambalo urari usingelisema kamwe. Shilingi 200,000 zimeandikwa kama gharama za usafiri, na hakuna risiti ya lori. Kijana wa kaunta anaeleza kwamba mama alizichukua kulipa ada ya shule, naye akaona haya kuandika hivyo. Pande zote mbili zililingana, kwa hiyo kosa lilikuwa limelala salama. Lakini ada ya mtoto si gharama ya duka, na hata Mamlaka ya Mapato haiihesabu hivyo.

Basi anaandika:

“Shikamoo mama. Vitabu vya mwezi huu vilitofautiana kwa sh. 30,000. Hakuna fedha iliyopotea kwa sababu ya tofauti hiyo. Makosa yalikuwa mawili, na nimeambatanisha ankara na vocha zake. Fundi anadaiwa 90,000 zaidi ya tulivyomwandikia. Kosa ni letu, kwa hiyo naomba tumwonyeshe hati aliyosaini kabla ya kumdai. Punguzo la saruji, 60,000, lilihesabiwa kama hasara, nalo ni pato. Pia 200,000 ulizochukua kwa ada nimezitoa kwenye usafiri na kuziweka kwenye fedha anazotoa mwenye mali. Ni zako, mama, na una haki nazo. Naomba tu ziandikwe kwa jina lake. Faida ya mwezi ilikuwa 1,860,000. Sasa ni 2,180,000.”

Faida imepanda kwa 320,000: punguzo limechangia 120,000, na ada 200,000. Deni la fundi halikuigusa, kwa sababu mauzo yenyewe yalikuwa yameandikwa sawasawa. Nalipenda karatasi hili kwa sababu hiyo hasa. Linatenganisha kilichobadili faida na kilichobadili deni, halimtupii lawama kijana wa kaunta, na linamwambia mama jambo linalomhusu yeye mwenyewe bila kumvunjia heshima wala kulificha.

Mwenye duka unayesoma haya, ukiletewa urari uliolingana, uliza kama akaunti ya muda ilifunguliwa mwezi huo. Kama ilifunguliwa, omba uonyeshwe ukurasa ilipofungwa, pamoja na ankara zilizoifunga.