Mistatili Chini ya Mkunjo: Jumla ya Riemann Inavyofikia Intigrali

Mchoro unaotumiwa kueleza jumla ya Riemann huwa na mkunjo, yaani mstari uliopinda, mhimili wa x chini yake, na mistatili iliyosimama bega kwa bega kati ya viwili hivyo. Jicho la msomaji hukimbilia mistatili yenyewe, lakini hoja yote imo katika vipembe vidogo vinavyobaki kati ya vichwa vya mistatili na mkunjo, kwa kuwa ndivyo vinavyoonyesha kosa la makadirio. Haitoshi kusema kwamba mistatili ikifanywa myembamba kila kipembe hupungua, maana idadi ya vipembe nayo huongezeka. Linalopaswa kuthibitishwa ni kwamba jumla yao yote inapungua kuelekea sifuri.

Mfano unaofaa ni mkunjo wa y = x², kuanzia x = 0 hadi x = 1. Msingi huo ukigawanywa katika sehemu nne zilizo sawa, kila mstatili unakuwa na upana wa 1/4, na kimo chake kinaweza kuchukuliwa ama kwenye ukingo wa kushoto wa sehemu yake au kwenye ukingo wa kulia. Kwa kuwa mkunjo huu unapanda wakati wote, mistatili ya kushoto hukaa chini yake na jumla ya maeneo yake ni 14/64, yaani 0.21875, ilhali ile ya kulia huchomoza juu yake na kutoa 30/64, yaani 0.46875. Eneo linalotafutwa limebanwa kati ya namba hizo mbili, na sehemu zikiwa 10 linabanwa kati ya 0.285 na 0.385.

Tofauti kati ya jumla hizo mbili inaweza kuonekana kwenye mchoro bila hesabu yoyote. Katika kila sehemu, mstatili wa kulia unauzidi ule wa kushoto kwa kijistatili kimoja kinachokizunguka kipande cha mkunjo kilichopo hapo. Vijistatili hivi vyote vina upana uleule, na kila kimoja huanzia kwenye kimo ambacho jirani yake wa kushoto ameishia, kwa hiyo vikisukumwa hadi sehemu ya mwisho upande wa kulia hupangana kimoja juu ya kingine na kuwa mnara mmoja wenye kimo cha 1 na upana wa sehemu moja tu. Sehemu zikiwa n, tofauti yote ni 1/n kamili, na hilo ndilo jibu la swali la vipembe, kwani upana wa mnara ukipungua, eneo lake hupungua nao. Isaac Newton aliitumia hoja hii katika kitabu chake cha Principia cha mwaka 1687.

Hesabu inathibitisha mchoro. Jumla ya kulia kwa sehemu n ni

1/3 + 1/(2n) + 1/(6n²)

na n inapokua bila ukomo, visehemu viwili vya mwisho huelekea sifuri, ikabaki 1/3. Thamani hiyo ambayo jumla huikaribia kadiri mtu atakavyo huitwa kikomo, na kikomo hicho ndicho intigrali yenye mipaka, ambayo huandikwa ∫₀¹ x² dx = 1/3.

Bernhard Riemann, katika tasnifu yake ya mwaka 1854, aliondoa sharti la sehemu kuwa sawa na akaruhusu kimo kupimwa popote ndani ya kila sehemu, mradi upana wa sehemu iliyo pana kuliko zote uelekee sifuri. Sharti hili la mwisho husahaulika mara nyingi, na badala yake husemwa tu kwamba mistatili iwe mingi. Nusu ya kwanza ya msingi ikikatwa vipande milioni huku nusu ya pili ikiachwa kuwa mstatili mmoja wenye kimo cha kulia, jumla itakwama karibu na 0.5417, mbali na 1/3, hata mistatili iwe mingi kiasi gani.

Upo pia mkunjo usioshikika kwa njia hii. Kanuni ambayo Dirichlet aliieleza mwaka 1829, ikichukuliwa na thamani 1 na 0, huipa x thamani ya 1 ikiwa x ni namba wiani, yaani inayoandikika kama namba kamili moja juu ya nyingine, na 0 isipokuwa hivyo. Kila sehemu, hata iwe nyembamba namna gani, ina namba za aina zote mbili, kwa hiyo jumla kati ya 0 na 1 inaweza kuwa 1 au 0 kulingana na pale kimo kilipopimwa, na mnara wa tofauti haupungui kamwe. Kwa fasili ya Riemann, kanuni hiyo haina intigrali; ilipata moja, yenye thamani ya 0, kwa fasili pana zaidi iliyomo katika tasnifu ya Henri Lebesgue ya mwaka 1902.