Rangi Zinazokimbilia Pembeni

Nyumba nyingi za kupanga Kiwalani, Dar es Salaam, siku hizi huonekana kwanza kwenye simu. Dalali hutuma picha kwa WhatsApp: geti, sebule, choo cha ndani, na nje kabisa, juu ya mnara wa zege, tanki jeusi la maji. Katika mtaa ambao bomba linaweza kukauka siku mbili mfululizo, tanki hilo linaongeza kodi. Ndiyo maana ni kitu kinachomshawishi mtu mwenye kompyuta kukibandika pale ambapo hakipo.

Tuseme amekibandika, tena kwa ustadi. Kivuli kimeangukia upande mmoja na kivuli cha nguzo ya umeme, kingo zimelainishwa, mwanga umesawazishwa. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya hesabu, lakini hesabu zenyewe ndizo wanazofanya wapimaji wa picha, watu wachache wenye subira ambao kazi yao inastahili kujulikana zaidi ya inavyojulikana. Mpimaji haanzii kwenye tanki. Anaanzia kwenye kona za picha, kwenye vitu ambavyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuvigusa.

Sababu iko ndani ya lenzi. Kioo hakipindi rangi zote kwa kiasi kimoja. Bluu hupinda zaidi kuliko nyekundu. Isaac Newton alikata tamaa kabisa juu ya kasoro hiyo, na mwaka 1668 akatengeneza darubini ya kioo cha kuakisi ili aikwepe. Mwaka 1758 John Dollond wa London alipata hataza ya lenzi iliyounganisha aina mbili za kioo, na kasoro ikapungua sana. Ilipungua tu. Hata kwenye simu ya leo, yenye vilenzi kadhaa vya plastiki vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, taswira ya rangi nyekundu inaweza kutoka kubwa kidogo kuliko taswira ya kijani ya kitu hichohicho.

Neno la kushikilia hapo ni ukubwa. Kama taswira nyekundu ni kubwa kidogo, na zote mbili zina kitovu kimoja, basi katikati ya picha zitalingana, na kadiri mtu anavyoelekea pembeni ndivyo nyekundu itakavyokuwa inasogea nje. Mwelekeo wake hauna hiari: kutoka kitovuni, moja kwa moja kwenda ukingoni, pande zote. Mwaka 2006 Micah Johnson na Hany Farid walionyesha kwamba tabia hiyo inaweza kuandikwa kwa namba tatu tu, yaani mahali pa kitovu kwa mlalo na kwa wima, na kiasi cha kukuzwa, na kwamba namba hizo zinatosha kuumbua kipande kilichohamishwa:

```
xr = a * (xg - x0) + x0
yr = a * (yg - y0) + y0
```

Hapo `xg` na `yg` ni mahali pa nukta kwenye kijani, `xr` na `yr` ni mahali pake kwenye nyekundu, `x0` na `y0` ni kitovu, na `a` ni ukuzaji.

Turudi kwenye picha ya nyumba. Ina upana wa pikseli 4000 na urefu wa 3000, kwa hiyo kitovu kinatarajiwa kuwa karibu na 2000 na 1500. Mpimaji anatenganisha rangi kwa amri moja:

```
magick picha.jpg -channel RGB -separate chaneli_%d.png
```

Anapata picha tatu za kijivu. Anaichukua ile ya nyekundu, anabadilisha ukubwa wake kidogo sana, hatua kwa hatua, na kila mara anaipima dhidi ya ile ya kijani mpaka zilingane kuliko wakati mwingine wowote. Tuseme zinalingana nyekundu inapopunguzwa kwa kiasi kinachoonyesha kwamba `a` ilikuwa 1.0006. Ni namba inayoonekana kama si kitu. Lakini kona ya picha iko pikseli 2500 kutoka kitovuni, na 2500 ukizidisha kwa 0.0006 unapata pikseli moja na nusu. Hiyo inaonekana kwa macho, ukivuta picha mpaka asilimia 400.

Kazi ya macho inahitaji uangalifu, na ndipo wengi wanapopotea. Nguzo ya umeme iliyo kulia mwa picha ni nyeusi juu ya anga jeupe. Taswira yake nyekundu imesogea nje, yaani kulia. Basi kwenye ukingo wa nje nyekundu imeshaingia gizani wakati kijani na bluu bado zina mwanga, na ukingo huo unaonekana wa samawati iliyochanganyika na kijani. Ukingo wa ndani, unaotazama kitovu, unakuwa mwekundu. Sasa tazama nondo nyeupe za dirisha jirani, zilizo mbele ya chumba chenye giza: pale mpangilio unageuka, nyekundu iko nje na samawati iko ndani. Asiyejua atapiga kelele kwamba nondo zimebandikwa. Anayejua ataona kwamba katika vitu vyote viwili taswira nyekundu imesogea upande uleule. Rangi ya ukingo hutegemea kipi ni cheusi na kipi ni cheupe. Mwelekeo wa msogeo hutegemea lenzi, na mwelekeo ndio ushahidi.

Tanki letu liko juu kulia, pikseli 1400 kulia kwa kitovu na 800 juu yake. Umbali huo ni kama pikseli 1612, kwa hiyo nyekundu inapaswa kuwa imesogea karibu pikseli moja nzima, kuelekea kulia na juu, kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka mlalo. Ni jeusi juu ya anga, kama nguzo. Ukingo wake wa kulia ungetakiwa kuwa wa samawati.

Ni mwekundu.

Mpimaji harukii hukumu. Anakata kipande cha pikseli mia kadhaa kinacholizunguka tanki, anakikuza, kisha anausogeza mchoro wa nyekundu juu ya ule wa kijani kwa sehemu ndogo za pikseli mpaka zikae sawa. Anakuta nyekundu imesogea kushoto kwa pikseli 0.8. Kati ya mwelekeo unaotarajiwa na uliopatikana kuna nyuzi 150. Anarudia kwa nguzo, kwa nondo, kwa ukingo wa bati, kwa matofali ya ukuta wa jirani: vyote vinaelekea kunakostahili, kwa tofauti ndogo. Tanki peke yake linapingana na nyumba yake. Lilipigwa likiwa kushoto mwa fremu nyingine, na aliyelihamisha alikwenda nalo likiwa na msogeo wake.

Uzuri wa kipimo hiki, kwa jicho la anayependa kazi safi, ni kwamba hata tanki lingenakiliwa kutoka picha hiyohiyo, kwa simu hiyohiyo, bado lingesema. Lenzi inakipa kila kitu msogeo wa mahali kilipokaa.

Kuna shahidi wa pili, naye huongea kwa mistari. Lenzi pana hutunisha mistari iliyo mbali na kitovu. Ule unaopita kitovuni hubaki umenyooka. Dar es Salaam ina watu wanaoijua hesabu hii kwa njia nyingine. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 na kuwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulirusha droni juu ya mitaa inayofurika ili kuchora ramani zake. Picha za droni haziungani kuwa ramani mpaka mpindo wa lenzi ujulikane, na programu huutafuta kwa kulinganisha kona ileile ya bati ilivyoonekana katika picha kadhaa. Mchora ramani anautafuta mpindo ili auondoe. Mpimaji wa picha anautafuta ili aone nani hana.

Kwenye nyumba yetu, ukingo wa paa unakatiza juu ya picha nzima, pikseli 1300 juu ya kitovu. Kwa lenzi inayominya kona kwa asilimia 2, katikati ya ukingo huo itakaa pikseli 17 hivi juu zaidi kuliko ncha zake. Huo ni mpindo wa kupimika kwa rula. Mpimaji anaunyoosha kwa programu, na picha nzima inanyooka pamoja nao: ukuta, geti, nguzo. Kitu kilichotoka kwenye lenzi nyingine hakinyooki. Kinapindishwa na dawa ambayo haikuwa yake. Ila mnara wa tanki ni mfupi. Kwenye nguzo yake ya pikseli 1200 mpindo hauzidi pikseli 2, na hapo mpimaji mwaminifu ataandika kwamba shahidi huyu hakusema kitu. Tena hatakubali kuchanganya kupinda na kuegemea: nguzo inayoegemea huenda imeegemeshwa na simu iliyoinuliwa juu tu.

Uaminifu huo ndio unaoipa kazi heshima, kwa sababu vizuizi ni vingi. Simu nyingi husahihisha kingo za rangi na mpindo kabla hata faili halijahifadhiwa. WhatsApp ikiipunguza picha ya pikseli 4000 hadi 1600, msogeo wa pikseli moja na nusu kwenye kona unabaki 0.6, na mgandamizo wa JPEG, ambao kwa kawaida hupunguza taarifa za rangi kwanza, unaufunika zaidi. Anga tupu na ukuta uliopakwa rangi moja havina kingo za kupima. Kitu kilichobandikwa karibu na kitovu hakipimiki vizuri, kwa kuwa hapo msogeo ni karibu sifuri. Tanki lililotoka kushoto likageuzwa kama kwenye kioo linaweza kupata mwelekeo sahihi kwa bahati, na hapo kiasi cha msogeo ndicho pekee kinachoweza kulisaliti. Picha iliyokatwa upande mmoja huhamisha kitovu bila uongo wowote. Simu inayounganisha picha za kamera zake mbili, au inayoshona picha ndefu ya mandhari, huzalisha mivunjo isiyo ya mtu. Na ile zambarau inayozunguka matawi dhidi ya jua kali mara nyingi haifuati mwelekeo wa kitovu kabisa, hivyo haihesabiwi.

Kwa hiyo ombi la kwanza la mpimaji ni faili asilia, lililohamishwa kama waraka au kwa waya. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaelekea hukohuko: mahakama inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki hutazama jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyosafirishwa. Ombi la pili ni simu yenyewe. Mpimaji hupiga nayo picha ya ukuta wa vigae, mraba kwa mraba, hadi kwenye kona nne, kwa kamera ileile na ukuzaji uleule. Kutoka hapo anapata kitovu na `a` vya lenzi hiyo bila kuitegemea picha inayobishaniwa, na ndipo anapoliweka tanki mezani kwa mara ya pili, safari hii akijua lenzi ingelifanyia nini kama kweli ingeliona.