Jina Mwishoni, Jina Mwanzoni

Mshereheshaji ninayemsimulia hapa ni mama wa Manyamanyama, kata iliyomo ndani ya mji wa Bunda, mkoani Mara. Jumamosi hushika maiki kwenye mahafali, harusi na harambee. Katikati ya wiki hukaa kwenye vikao, katika chumba ambacho watu kumi na tano wakiingia kimejaa. Nimemtazama kwa muda mrefu sehemu zote mbili, na kilichonifanya nimheshimu ni jambo dogo: akimtambulisha mgeni ukumbini, jina hulitaja mwisho kabisa, akimtambulisha mgeni huyohuyo kikaoni, jina hulitaja kwanza. Wengi huona ni mtindo wake tu. Mimi nimekuja kuamini kwamba karibu kila kitu kingine anachofanya kinatokana na hapo.

Sababu ya ukumbini ni makofi. Watu mia nne wakisikia jina la mgeni rasmi hupiga makofi, vigelegele hufuata, na chochote utakachosema baada ya hapo hakisikiki tena. Mshereheshaji anayeanza na jina, kisha akaendelea na elimu ya mgeni, vyeo vyake na safari yake ya maisha, anasoma juu ya kelele. Akingoja kelele zitulie, ameshapoteza joto alilolihitaji ili mgeni apande jukwaani. Kwa hiyo huyu mama huweka mbele kila kitu ambacho hakiwezi kusubiri, halafu jina, halafu anatoka mbele ya maiki. Haongezi neno.

Kikaoni hakuna makofi ya kukwepa. Mgeni ameketi mita mbili kutoka kwa kila mtu, ameshasalimiana na wote mlangoni, na pengine ameulizwa habari za nyumbani. Kumzungushia maneno huku jina likifichwa kunamfanya ainamishe kichwa na kuwafanya wenyeji watazame karatasi zao. Jina linatajwa mara moja ili watu waanze kufikiria sababu ya yeye kuwapo.

Tuchukue mtu anayejulikana, Jaji Joseph Sinde Warioba, mzaliwa wa Bunda, na tuseme amealikwa nyumbani mara mbili: mara moja ukumbini, mara moja kwenye kikao cha kata. Wasifu wake ni mrefu. Amekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990, mwenyekiti wa tume ya mwaka 1996 iliyochunguza rushwa, jaji katika Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, na mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Mshereheshaji asiye na uzoefu atasoma yote. Mama wa Manyamanyama angechukua mawili, na ukumbini, baada ya itifaki, angesema hivi, akitua kila penye nukta:

"Ndugu zangu wa Bunda. Mzee wetu wa leo ni mzaliwa wa hapa. Mwaka themanini na tano. Aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu wa nchi hii. Mwaka elfu mbili kumi na mbili. Akakabidhiwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Leo. Amerudi nyumbani. Tusimame. Tumpokee. Jaji. Joseph. Sinde. Warioba."

Ukiisoma kwenye karatasi imekatikakatika. Ukumbini ndiyo lugha inayofika. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo katika ukumbi wenye urefu wa mita 34 neno lililotoka mbele hufika ukuta wa nyuma baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na mwangwi wake humrudia msemaji baada ya muda kama huo tena. Hapo ndipo wasemaji wengi hukwama: wanasikia silabi waliyokwisha kuitamka ikiwarudia katikati ya silabi nyingine, ulimi unajikwaa, wanapunguza kasi bila kutaka na kuanza kuvuta maneno. Dawa yake ni kumaliza kifungu kifupi, kunyamaza mpaka kirudi na kupotea, ndipo kuanza kingine. Anayeketi nyuma haoni pengo lolote, kwa sababu pengo hilo limejazwa na mvumo wa ukumbi.

Mvumo huo una tabia ambayo Kiswahili kinaipa nafasi kubwa kuliko tunavyodhani. Maneno yetu mengi huishia kwenye irabu, na irabu ndiyo inayobaki ikining'inia chini ya bati na juu ya sakafu ya saruji. Wakati huohuo wakati wa kitenzi na ukanushi wake vimekaa mwanzoni mwa neno, kwenye silabi fupi: *ana-*, *ali-*, *ata-*, *ha-*. Mkia wa neno lililotangulia unaangukia palepale penye silabi hizo. Msikilizaji wa nyuma anapata "...sema nasi" bila kujua kama mgeni alisema, anasema au atasema. Ndiyo maana huyu mama ukumbini huweka neno la wakati peke yake, "leo", "mwaka themanini na tano", kabla ya kitenzi. Na ndiyo maana hakanushi kitu ukumbini. Sentensi ya "si mgeni kwetu" ikipoteza *si* yake imemfanya mwenyeji kuwa mgeni mbele ya wazazi wake.

Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipewa mwaka 1895 ukumbi wa mihadhara ambamo neno moja lilidumu zaidi ya sekunde tano. Alipoujaza mito ya viti, mvumo ulipungua. Miili ya watu nayo hufanya kazi kama ile mito. Fundi mitambo akijaribu maiki saa mbili asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, atasikia mvumo mbaya kuliko utakaokuwapo saa sita ukumbi ukijaa. Mama huyu analijua hilo kwa masikio. Haruhusu besi na sauti zirekebishwe moja kwa moja asubuhi. Huomba zirekebishwe tena watu wakishaketi, wakati wa wimbo wa kwaya, mtu yeyote asitambue.

Sasa maiki yenyewe. Ile ya kushika mkononi inapenda kuwa karibu na kidevu, upana wa vidole vitatu au vinne hivi kutoka mdomoni, ikiinamishwa kidogo ili pumzi ya *p* na *b* ipite juu yake badala ya kuipiga. Umbali huo ukiongezeka maradufu, sauti inayoingia hushuka kwa desibeli sita, na sikio hulitambua hilo mara moja. Hapa ndipo penye kosa ambalo nimeliona mara nyingi kuliko mengine yote: mshereheshaji anafika kwenye jina, anageuza kichwa kuelekea meza kuu ili amwonyeshe mgeni kwa heshima, na mkono wenye maiki unabaki ulipokuwa. Maneno yote yamesikika isipokuwa jina. Tena kwa sababu jina liko mwishoni, hakuna kingine cha kuokoa sentensi.

Yeye hageuzi shingo. Anageuka kuanzia mabegani, maiki na kidevu vikitembea pamoja, na mkono wa kushoto ndio unaomwelekea mgeni. Pia hasimami mbele ya spika. Meza kuu mara nyingi huwekwa katikati na spika pembeni yake, hivyo anayegeukia meza anaweza kuielekeza maiki kwenye spika bila kujua, na hapo mluzi unaanza. Kwanza huwa ni mlio mwembamba kwenye mikia ya maneno. Ukiusikia huo, bado una sekunde chache za kurudi nyuma. Wapo wanaoufunika mdomo wa maiki kwa kiganja wakidhani wanauzuia. Kiganja huziba matundu ya pembeni yanayoisaidia maiki kukataa sauti za nyuma, na mluzi unazidi.

Jambo jingine hufanyika kabla ya yote haya. Bunda ni mji wa Waikizu, Wajita, Wakurya, Wasukuma, Wajaluo na wengine, na jina lililoandikwa kwenye ratiba huweza kusomwa kwa namna mbili au tatu. Kwa hiyo mama huyu huenda kwa mgeni mwenyewe, anamwamkia, na kumwomba alitamke jina lake. Halirudii kwa sauti pale. Anaandika silabi ya kukaziwa. Kikaoni hafanyi hivyo, maana kikaoni ukikosea mgeni atakurekebisha naye atacheka, na kikao kimeanza vizuri.

Kikaoni, basi. Mwenyekiti amefungua, mtendaji wa kata ana muhtasari mkononi, ajenda ya nne ni maoni ya wananchi kuhusu sheria ndogo ya mifugo. Mgeni ni yuleyule. Mama anabaki ameketi, kwa kuwa mwenyekiti ameketi, na kusimama kungemweka juu ya mtu anayeongoza kikao. Anamtazama aliye mbali zaidi mezani, kwa sababu sauti inayomtosha huyo inawatosha wote:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Jaji Warioba tuko naye, na wengi mmeshamwamkia. Tumemwomba kwa ajili ya ajenda ya nne. Tume ya Katiba aliyoiongoza ilizunguka nchi ikisikiliza wananchi, na shida yetu ni kwamba kwenye mikutano ya mitaa wanasema walewale watatu. Mzee, tunaomba uanzie hapo."

Uwaziri Mkuu haumo. Hakuna aliyesahau, na kuutaja kungefanya wajumbe waketi kama wasikilizaji badala ya kuuliza. Kilichobaki ni kile kimoja kinachogusa ajenda, na utambulisho unaishia kwenye ombi. Sentensi ni ndefu, zina viunganishi, zina "kwamba" na "kwa ajili ya", kwa sababu chumba kidogo hakina mvumo wa kuzifuta. Kukanusha kunaruhusiwa. Na jina, kwa kuwa limetajwa mapema, limekwisha kuzoeleka kabla mgeni hajafungua mdomo.

Siku hizi watu hubeba spika ndogo hata kwenye chumba cha namna hii. Sikubaliani nayo. Sauti inapotoka kona moja ya chumba na midomo ikitembea kona nyingine, wajumbe hutazama spika. Kitu pekee kinachoweza kuihalalisha ni mvua juu ya bati, nayo ikinyesha kwa nguvu hata spika haisaidii sana. Huyu mama hunyamaza, anamwachia mwenyekiti aamue kama kikao kingoje.

Lililo gumu kuliko yote ni umeme kukatika ukumbini katikati ya utambulisho. Hapo ana watu wa ukumbi lakini ana sauti ya kikaoni. Wengi hupaza sauti kutoka jukwaani, na ukelele huongeza irabu kuliko konsonanti, kwa hiyo nyuma wanasikia mtu anaita tu. Yeye huweka maiki chini, anashuka, na kutembea kwenye njia ya katikati mpaka theluthi ya kwanza ya viti, ili umbali wa aliye mbali zaidi upungue. Anaacha vyeo vyote vilivyobaki kwenye karatasi. Anangoja walio karibu wanyamaze, kisha walio nyuma yao, kisha anasema vifungu viwili tu, "Amerudi nyumbani" na "Tumpokee", na jina kwa vipande vinne vilevile, taratibu zaidi ya mwanzo.